Mama asiporudi kupimwa: mpango wa uchambuzi useme nini kuhusu alama zinazokosekana

"Shikamoo Mwalimu. Nafuatilia akina mama 400 walioandikishwa wakiwa wajawazito, kuona kama uhaba wa msaada wa kijamii wakati wa mimba unaendana na sonona baada ya kujifungua. Tunawapima kwa dodoso la Edinburgh, yaani EPDS, siku ya kuandikishwa pamoja na msaada wa kijamii, kisha wiki ya 6, mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 baada ya kujifungua. Waliofika ni 352, 310, 280 na 228. Nilipanga kubaki na waliokamilisha ziara zote, au kurudia alama ya mwisho kwa wasiokamilisha. Msimamizi wangu anasema kujazia data ni kutunga data. Nimefanya pia jaribio la Little, p ikatoka 0.21, kwa hiyo nadhani data zimekosekana kwa bahati tu. Sehemu hii ya mpango wa uchambuzi niiandikeje?"

Marahaba. Nianze na hilo jaribio la Little, kwa sababu ndilo ulilolitegemea kuhalalisha mengine yote. Jaribio hilo hulinganisha wastani wa vipimo ulivyonavyo kati ya makundi yenye mpangilio tofauti wa mapengo. P ya 0.21 inasema tu kwamba, kwa vigezo ulivyolipa na kwa idadi ya watu uliyonayo, halikuona tofauti ya kutosha. Kutoiona tofauti hakuthibitishi kwamba haipo. Lakini udhaifu wake mkubwa ni mwingine: jaribio linatazama alama zilizopo, na swali lako linahusu alama ambazo hazipo. Hakuna jaribio la takwimu linaloweza kuvuka hapo, na mpango wako uliseme hilo waziwazi.

Tangu Donald Rubin alipolipanga suala hili mwaka 1976, watakwimu hutenganisha hali tatu. Ya kwanza ni bahati tupu: fomu za wiki moja zimelowa maji, na kupotea kwake hakuna uhusiano wowote na hali ya mama. Ya pili ni pale ambapo kukosekana kunaelezeka kwa yale uliyokwisha kuyarekodi. Kwa mfano, wenye alama za juu mwezi wa 6 hawaji sana mwezi wa 12, ila ukichukua akina mama wawili wenye alama sawa mwezi wa 6, msaada sawa na umri sawa, aliyekuja na asiyekuja hawatofautiani kwa namna ya jumla. Ya tatu ni pale ambapo mama hakuja kwa sababu ya alama yenyewe ambayo ungeipata siku hiyo: wiki ile hakuweza hata kutoka kitandani, na hakuna chochote ulichoandika awali ambacho kingekudokeza.

Kwenye sonona hali ya tatu si ya kufikirika tu. Ugonjwa wenyewe huondoa nguvu na hamu, huleta aibu, na wapo mama wanaoogopa kwamba wakisema ukweli watahesabiwa hawafai kulea. Lakini usikimbilie kudhani kila asiyekuja ni mgonjwa. Wapo wanaoacha kuja kwa sababu wako sawa kabisa, wamerudi kazini, na hawaoni haja ya kujibu maswali kumi yaleyale kwa mara ya nne. Mikondo hii miwili inaweza kuwapo kwa pamoja ndani ya utafiti mmoja, na data zako haziwezi kukuambia upi umezidi. Kwa hiyo mpango mzuri huchagua dhana moja kuwa ya msingi, hueleza kwa nini, kisha huonyesha matokeo yanabadilikaje dhana hiyo ikikosea.

Tuone kwa hesabu kwa nini kubaki na waliokamilisha kunaweza kukupotosha. Tarakimu za ndani ni za mfano, ila nimezifunga kwenye idadi zako. Chukulia kwamba wote 228 wa mwezi wa 12 wametoka kwa wale 280 wa mwezi wa 6. Kati ya hao 280, 200 walikuwa na alama chini ya 10 mwezi wa 6, na 80 walikuwa na 10 au zaidi. Katika kundi la kwanza walirudi 180, yaani asilimia 90. Katika kundi la pili walirudi 48 tu, yaani asilimia 60. Sasa mwezi wa 12 unahesabu wenye alama 13 na kuendelea: kundi la kwanza ni 9 kati ya 180, sawa na asilimia 5, kundi la pili ni 24 kati ya 48, nusu kamili. Ukijumlisha waliopo unapata 33 kati ya 228, yaani asilimia 14.5, na hiyo ndiyo ungeichapisha.

Lakini waliobaki si sura ya wote 280. Kundi lenye hatari limepungua zaidi kuliko jingine, kwa hiyo sauti yake katika wastani imepungua pia. Ukichukulia hali ya pili, kwamba asiyekuja anafanana na aliyekuja wa kundi lake, basi kati ya 200 ungetarajia 10 na kati ya 80 ungetarajia 40. Hao ni 50 kati ya 280, asilimia 17.9. Hatujatunga mgonjwa hata mmoja. Tumelirudishia kila kundi uzito wake. Kujazia data kunakofanywa vizuri ni hesabu hii hii, ila kwa vigezo vingi kwa wakati mmoja na kwa uangalifu zaidi kuhusu kutojua kwetu. Karatasi hii ya hesabu mpelekee msimamizi wako, naamini mtaelewana.

Kwa haki, kubaki na waliokamilisha hakupotoshi kila mara. Kama kukosekana kunategemea tu vigezo vilivyomo ndani ya modeli, tuseme umri na msaada wa kijamii, na hakutegemei alama ya sonona baada ya hivyo kuzingatiwa, basi uhusiano unaoukadiria utabaki sahihi na utapoteza tu idadi ya watu. Tatizo ni kwamba kwenye sonona ni shida kuamini kuwa alama za nyuma za mama hazina neno na kurudi kwake. Liangalie kwenye data zako: tengeneza kigezo cha "alikuja au hakuja" kwa kila ziara na ukikadirie kwa alama ya ziara iliyotangulia. Ikiwa uhusiano upo, waliokamilisha wasiwe uchambuzi wa msingi. Waweke pembeni kama matokeo ya kulinganishia, maana wahakiki watayadai.

Kurudia alama ya mwisho ningekifuta kabisa. Fikiria mama aliyepata 16 wiki ya 6 kisha asionekane tena. Kwa njia hiyo anabaki na 16 mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kana kwamba maisha yake yalisimama siku aliyotoka kliniki. Mwingine alikuwa na 5 mwezi wa 3 akaacha kuja; naye anabaki 5, wakati sonona kwa baadhi ya akina mama huanza baadaye ndani ya mwaka wa kwanza. Wengi hufundishwa kwamba njia hii angalau ni ya tahadhari, eti huvuta matokeo kuelekea kwenye kutokuwepo tofauti. Si kweli, inaweza kuyavuta upande wowote kutegemea nani ameacha na lini. Zaidi ya hapo, kompyuta itaamini umepima watu wengi zaidi mwezi wa 12 kuliko 228 uliowapima, na mipaka yako ya uhakika itakuwa myembamba kwa uongo.

Sasa tuandike mpango wenyewe. Kabla ya kugusa mapengo, amua unachokikadiria, kwa sababu pengo linakuwa pengo kwa kulinganisha na swali. Kipimo chako kikuu ningependa kiwe alama nzima ya EPDS, kutoka 0 hadi 30, badala ya kuwagawa kwa "ana sonona" na "hana". Dodoso hilo, lililochapishwa na Cox, Holden na Sagovsky mwaka 1987, ni la kuchuja, si la kutoa utambuzi wa ugonjwa. Watafiti hutumia 10, wengine 13, na uchambuzi wa pamoja uliochapishwa katika BMJ mwaka 2020 uliona kuwa 11 ndiyo iliyoleta jumla bora ya kugundua wagonjwa na kutowahukumu wazima. Kizingiti kiwe kipimo cha pili, kitajwe kabla ya kuona matokeo, na katika ripoti usiseme "asilimia fulani wana sonona". Sema wamevuka kizingiti.

Halafu chagua kadirio moja la msingi. Una ziara nne, kwa hiyo una fursa nne za kuokota tofauti inayopendeza, na mhakiki anayejua kazi yake ataliuliza hilo kwanza. Mimi ningechukua tofauti ya wastani wa alama kati ya wenye msaada mdogo na wengine, ikiwa wastani wa ziara zote nne, kisha nionyeshe kila ziara peke yake kama matokeo ya pili. Sababu yangu ni rahisi: mwezi wa 12 ndiko mapengo yalikojaa, na sioni busara ya kuegemeza tasnifu nzima mahali ambapo unajua kidogo zaidi.

Kuna uamuzi mwingine ambao watu huupita haraka. Je, utarekebisha kwa alama ya EPDS ya wakati wa mimba? Mwanamke mwenye sonona tangu mimba anaweza kuuona msaada wa watu wake kuwa mdogo kuliko ulivyo, na hapo alama ile ni kivurugaji. Lakini pia uhaba wa msaada unaweza kuwa ndio ulioleta sonona ya mimba, na hapo ukirekebisha unakata sehemu ya athari unayoitafuta. Ulivipima vyote viwili siku moja, kwa hiyo data haziwezi kukutenganishia. Ningerekebisha katika uchambuzi wa msingi na kutaja bila kuficha kwamba swali limekuwa "je, msaada mdogo unaongeza kitu juu ya hali aliyokuwa nayo mama wakati wa mimba?" Kisha nionyeshe na matokeo bila marekebisho hayo. Vyovyote utakavyochagua, alama hiyo lazima iingie kwenye kujazia, kwani hakuna kinachotabiri alama ya baadaye kama alama ya mapema.

Kwa modeli, tumia ile ya vipimo vinavyojirudia, inayochukua kila safu iliyopo bila kumtupa mama kwa kukosa ziara moja. Una vipimo 352 na 310 na 280 na 228, jumla 1170 kati ya 1600 vilivyowezekana. Ukibaki na waliokamilisha huwezi kuzidi 228 mara nne, yaani 912, kwa hiyo ungetupa vipimo visivyopungua 258 ambavyo akina mama wamekaa wakakujibu. Muda uingie kama ziara nne zilizo kundi, usiwe mstari mnyoofu, maana alama za baada ya kujifungua hazishuki wala kupanda kwa mwendo sawa. Kwa R inaonekana hivi:

```r
library(nlme)
gls(epds ~ ziara * msaada + epds_mimba + umri,
    data = ndefu, na.action = na.omit,
    correlation = corSymm(form = ~ namba | id),
    weights = varIdent(form = ~ 1 | ziara))
```

Hapo `namba` ni 1 hadi 4 kulingana na ziara yenyewe. Usiandike `~ 1 | id`, kosa ambalo halitoi onyo lolote. Ukiandika hivyo, programu huhesabu safu kwa mpangilio wa kufuatana, na mama aliyekosa mwezi wa 3 atahesabiwa kana kwamba mwezi wake wa 6 ni ziara ya pili. Uhusiano kati ya ziara utakuwa mchanganyiko usio na maana, na matokeo yatatoka yakiwa safi kwa macho. Ili kujihakikishia, chukua mama mmoja unayejua amekosa ziara ya katikati, toa safu zake kwenye skrini, na utazame namba zake kwa macho yako.

Andika pia mipaka ya kila ziara kwa wiki. Mama wa mwezi wa 3 aliyefika mwezi wa 5 unamweka wapi? Jibu lolote linalotetewa linafaa, mradi limeandikwa kabla hujaona alama yake.

Modeli hiyo peke yake inatosha kwa hali ya pili, lakini kwa masharti mawili ambayo kwako sidhani kama yametimia. La kwanza, vigezo vya upande wa kulia visiwe na mapengo. Safu yenye umri au alama ya mimba isiyojazwa itatupwa kimyakimya. La pili, kila kinachoeleza kukosekana kiwe ndani ya modeli. Na wewe unajua mambo mengi yanayoeleza kukosekana ambayo huna sababu ya kuyaweka katika modeli ya msingi: simu iliyobadilika, ziara iliyochelewa, kuhama makazi, mtoto kulazwa, kupewa rufaa ya matibabu. Ndiyo maana nakushauri kujazia mara nyingi. Mambo hayo huingia katika hatua ya kujazia, kisha modeli ya msingi inabaki kama ilivyo.

Hoja ya msimamizi wako ina ukweli ndani yake. Ukijaza kila pengo kwa namba moja na kuendelea kana kwamba uliipima, umetunga. Kujazia mara nyingi hufanya kinyume chake. Kila pengo linajazwa, tuseme, mara 50, kila mara kwa thamani inayowezekana ikiwa na mtawanyiko wake, unapata faili 50 kamili, unaendesha modeli kwa kila moja, kisha unaunganisha kwa kanuni ya Rubin:

```
T = W + (1 + 1/m) * B
```

W ni wastani wa tofauti-mraba ndani ya faili, B ni jinsi makadirio yanavyotofautiana kutoka faili hadi faili, na m ni idadi ya faili. B ndiyo inayobeba kutojua kwako. Pale data zisipokuambia mengi kuhusu mama aliyepotea, faili zitatofautiana sana, B itakua, na mipaka ya uhakika itapanuka kama inavyostahili. Kumtupa mama au kurudia alama yake ya mwisho hakukuletei hiyo B hata kidogo.

Panga data kwa upana, mama mmoja safu moja, alama za ziara zote nne zikiwa safu wima tofauti. Weka ndani kila kitu kitakachotumika baadaye, pamoja na alama zenyewe za EPDS. Wanafunzi wengi huogopa kutumia matokeo kujazia kisababishi, wakidhani ni kujizungusha. Ukiyaacha nje, thamani zilizojazwa za msaada zitakuwa hazina uhusiano na sonona, na utakuwa umeupunguza kwa mkono wako uhusiano unaoutafuta. Kuhusu idadi ya faili, kanuni ya vitendo ya White, Royston na Wood ya mwaka 2011 ni angalau sawa na asilimia ya watu wenye pengo lolote. Kwako waliokosa mwezi wa 12 peke yake ni 172 kati ya 400, asilimia 43; ukiongeza mapengo ya katikati, 50 si nyingi.

```r
library(mice)
imp <- mice(pana, m = 50, maxit = 20, seed = 4127)
plot(imp)
densityplot(imp, ~ epds12)
```

Kwa namba, `mice` huazima thamani kutoka kwa mama halisi anayefanana na huyu, kwa hiyo hutapata alama ya 33 wala ya chini ya sifuri. Katika mchoro wa kwanza mistari ichanganyike bila kupanda au kushuka kwa pamoja. Katika wa pili, mgawanyo wa zilizojazwa hauhitaji kufanana na wa zilizopimwa. Ukiwa juu kidogo ndivyo hasa tunavyotarajia kutokana na hesabu ya mwanzo. Ukiwa juu mno, tafuta kigezo kilichoingia vibaya, kama id kutumika kutabiri. Hilo hutokea.

Kuna pengo la aina nyingine: fomu iliyojazwa maswali tisa kati ya kumi. Usiweke sifuri, na usikimbilie wastani wa yale tisa. Swali la 10 linauliza kuhusu wazo la kujidhuru, na wengi hujibu chini sana hapo kuliko kwenye maswali ya wasiwasi au kulemewa, kwa hiyo wastani wa mengine utaliongezea. Jazia kwa kiwango cha swali, kisha jumlisha. Hakikisha pia maswali ya 3 na 5 hadi 10 yamegeuzwa alama, kwani majibu yake yamepangwa kinyume na ya 1, 2 na 4. Ila swali la 10 likiwa tupu au likiwa na jibu lolote juu ya sifuri, suala la takwimu linasubiri. Utaratibu wenu wa usalama useme nani anazungumza na mama huyo siku hiyohiyo kabla hajaondoka.

Hilo linatupeleka kwa waliopewa rufaa. Alama zao za baadaye zinaweza kushuka kwa sababu wametibiwa, na utashawishika kuzifuta. Ziache. Swali lako linahusu akina mama wanaoishi katika hali ambayo mwenye alama ya juu hupelekwa kwenye msaada, na hiyo ndiyo hali uliyoipima. Rufaa iingie kwenye kujazia, isiingie kama kirekebishi katika modeli ya msingi, maana inatokea baada ya kisababishi na baada ya alama za mwanzo. Mama aliyefariki usimjazie alama za baada ya kifo chake. Mama aliyefiwa na mtoto ni jambo jingine kabisa. Anabaki katika utafiti, ikiwa mwenyewe ameridhia kuendelea, na ujazie pengo lake kama la wengine huku msiba huo ukiwa kigezo mojawapo.

Sasa hali ya tatu, ile isiyoonekana. Njia ninayoipenda ni kuongeza kiasi fulani kwenye alama zilizojazwa na kuona hitimisho linadumu hadi wapi. Kwa mfano wetu wa mwanzo, wale 32 wa kundi la hatari wasiorudi tuliwapa nusu, yaani 16. Tukisema walikuwa katika hali mbaya zaidi na robo tatu yao walivuka kizingiti, tunapata 24. Ongeza 24 waliopimwa na 10 wa kundi la kwanza, ni 58 kati ya 280, asilimia 20.7. Msomaji sasa ana picha nzima: 14.5 kwa waliopo, 17.9 wasiorudi wakifanana na wenzao, 20.7 wakiwa wabaya zaidi kwa kiasi ulichokitaja. Kwa alama kamili unafanya hivi:

```r
post <- make.post(pana)
post["epds12"] <- "imp[[j]][, i] <- pmax(pmin(imp[[j]][, i] + 2, 30), 0)"
imp2 <- mice(pana, m = 50, maxit = 20, post = post, seed = 4127)
```

Rudia kwa 0, 1, 2, 3 na 4, na pia kwa -2 kwa ajili ya wale walioacha kwa kuwa wazima. Kisha tumia viwango tofauti kwa wenye msaada mdogo na wengine, kwa kuwa ni tofauti hiyo hasa inayoweza kugeuza hitimisho lako. Mtego uliopo ni kwamba ukiongeza kwenye ziara zaidi ya moja, nyongeza ya ziara moja hutumika kutabiri nyingine, na mwishowe alama hupanda zaidi ya ulichokusudia. Baada ya kila zoezi, toa wastani wa zilizojazwa na uripoti kupanda halisi, sio namba uliyoiandika kwenye kodi. Na ukiona hitimisho linaanguka kwa nyongeza ya 1, liandike hivyo. Likidumu hadi 6, waulize wauguzi na daktari wa afya ya akili mnaofanya naye kazi kama pengo la 6 kati ya mama aliyekuja na asiyekuja linaaminika. Waulize kabla ya kuendesha kodi, na kiwango chao kiandikwe katika mpango.

Kama fedha na muda vinaruhusu, kuna njia bora kuliko hesabu zote hizi. Chagua kwa nasibu 40 kati ya wale 172 wasioonekana mwezi wa 12, na mtumie nguvu yenu yote kuwafikia hao 40 kwa simu au kwa kwenda walipo, kwa ridhaa waliyotoa. Hata ukiwapata 30 tu, utajua kama alama zao zinafanana na zile ulizojazia, na ile nyongeza ya kukisia itakuwa na kitu cha kuisimamia. Hii inahitaji kibali cha kamati ya maadili ikiwa haikuwamo kwenye itifaki, na iombwe mapema, kwani mwezi wa 15 hauwezi kukupa alama ya mwezi wa 12.

Mpango upewe tarehe na namba ya toleo, na useme wazi kwamba umekwisha kuona idadi za ziara na jaribio la Little kabla ya kuuandika. Hilo halikuharibii chochote. Kulificha ndiko kunakoharibu. Mimi nimekujibu nikiwa sijaiona data, kwa hiyo kaa na mtakwimu wa afya ana kwa ana, kompyuta ikiwa wazi, ikiwa lolote kati ya haya lipo kwako: akina mama waliandikishwa kwa vituo vingi na huenda wa kituo kimoja wakafanana, msaada wa kijamii nao ulipimwa tena baada ya kujifungua na unataka kuutumia kama kigezo kinachobadilika, au zaidi ya nusu ya wenye msaada mdogo wamepotea. Mwende na faili yenye mapengo yake kama yalivyo, bila kusafisha, pamoja na daftari la sababu za kutokuja, hata kama limejaa maneno ya mkono kama "simu haipatikani" na "amehama". Kwenye kujazia, daftari hilo lina thamani kuliko safu wima nyingi za dodoso lako.